Kubadili kigeu katika intigrali: mipaka nayo hubadilika

Katika mtihani wa kalkulasi, mtahiniwa aweza kuchagua u sawasawa na bado akakosa jibu kwa sababu ya mipaka.

Chukua intigrali ya x(x² + 1)³ kuanzia x = 0 hadi x = 2. Kinachofaa kuitwa u ni kile kilichomo ndani ya mabano, kwa kuwa kiwango chake cha badiliko ni 2x, na x tayari iko nje ya mabano. Basi u = x² + 1, du = 2x dx, na x dx huwa ½ du.

Mipaka 0 na 2 ni ya x, si ya u. x ikiwa 0, u ni 1; x ikiwa 2, u ni 5. Hivyo tunatafuta intigrali ya ½u³ kuanzia 1 hadi 5, yaani ⅛(5⁴ − 1⁴) = 78.

Atakayeacha mipaka ya zamani atapata ⅛(2⁴ − 0⁴) = 2. Kosa hilo hujionyesha: kati ya x = 1 na x = 2, thamani ya x(x² + 1)³ haishuki chini ya 8, hivyo jibu haliwezi kuwa 2.

Anayetaka kutumia mipaka ya x sharti kwanza airudishe x² + 1 mahali pa u.