Seva ya filamu nyumbani: yape mafaili majina yatakayoleta kava sahihi

Katika nyumba nyingi za Mbinga mjini, na kule chini ziwani kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay, filamu hazikai tena kwenye kabati la sidii. Zimo kwenye flashi, kwenye kadi za simu na kwenye diski za nje, zimechanganyika na video za harusi, za kipaimara na za ngoma ya mganda. Mwenye laptopu anaweza kuzikusanya zote mahali pamoja, na kila mwenye simu humo nyumbani akazitazama kwa waifai bila kukatwa bando.

Laptopu inayofanya kazi hiyo tunaiita seva. Programu moja inayotumika ni Jellyfin. Ni ya bure, na inaingia kwenye kompyuta za Windows na za Linux. Ukiifungua kwenye simu unaona filamu zako zimepangwa kwa makava, na ukigusa kava unapata mwaka, waigizaji na maelezo mafupi ya hadithi.

Lakini wengi wakishaiweka, siku ya kwanza wanakuta filamu ya Kitanzania ina kava la filamu ya Ulaya, nyingine haina kava kabisa, na video ya harusi imepewa picha ya waigizaji wasiojulikana. Karibu kila mara sababu ni moja, nayo ni jina la faili.

Seva inajuaje hii ni filamu gani?

Seva haitazami filamu. Inasoma jina la folda na la faili, inatafuta humo jina la filamu na mwaka, kisha inauliza kwenye orodha kubwa ya filamu iliyoko mtandaoni, iitwayo TMDB. Orodha ikijibu, seva inachukua kava na maelezo ya filamu inayofanana zaidi na jina ulilolitoa. Ukiipa jina bovu, italeta jibu bovu, au haitaleta lolote.

Tuchukue mfano wa kweli. Mwaka 2021 ilitoka filamu ya Kitanzania iitwayo Binti, iliyoongozwa na Seko Shamte, inayofuata maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2019, ilitoka Binti nyingine huko Ubelgiji, iliyoongozwa na Frederike Migom. Hiyo inahusu msichana mwenye asili ya Kongo anayeishi Ulaya na baba yake bila vibali. Jina ni moja, filamu ni mbili.

Sasa tuseme faili lako linaitwa hivi:

```
BINTI full movie bongo HD mpya.mp4
```

Seva inaweza kuyatambua na kuyaondoa baadhi ya maneno, lakini "full movie bongo" na "mpya" yanabaki kama sehemu ya jina. Hakuna filamu iitwayo hivyo, basi kava halitapatikana. Ukilifupisha likawa `Binti.mp4` bila mwaka, hapo unaiachia seva ichague yenyewe kati ya Binti wa Dar es Salaam na Binti wa Ubelgiji.

Namna ya kulimaliza jambo hili ni kuipa kila filamu folda yake, na kuandika jina na mwaka ndani ya mabano, kwenye folda na kwenye faili:

```
Filamu/
  Binti (2019)/
    Binti (2019).mp4
  Binti (2021)/
    Binti (2021).mp4
```

Mwaka unaotakiwa ni ule ambao filamu ilitoka kwa mara ya kwanza. Usiandike mwaka uliochapishwa kwenye sidii, wala mwaka uliponakili faili. Ukiwa na shaka, fungua tovuti ya themoviedb.org kwenye simu, tafuta filamu, na uandike mwaka ule ule unaouona pale.

Ukishaandika hivyo na bado seva ikakosea, kuna njia ya kuibana kabisa. Kwenye tovuti hiyo kila filamu ina namba yake, inayoonekana kwenye anwani ya ukurasa baada ya neno `movie`. Ongeza namba hiyo mwishoni mwa jina la folda, ndani ya mabano ya mraba. Hapa tumeweka 12345 kama mfano tu:

```
Binti (2021) [tmdbid-12345]
```

Seva ikiona namba, haibahatishi tena kwa jina.

Majina yanayosumbua

Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilitoka mwaka 2021. Nje ya nchi inajulikana kwa jina la Tug of War. Kwa maktaba yako jina la Kiswahili ni salama zaidi, kwa sababu zipo filamu nyingine kadhaa zenye jina hilo la Kiingereza. Angalia tu usiliunganishe likawa "Vutankuvute". Liandike kama lilivyo, pamoja na nafasi na ile alama ndogo ya ritifaa.

Maangamizi: The Ancient One, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001, ina tatizo jingine. Windows hairuhusu nukta mbili ndani ya jina la faili, na hata flashi nyingi zinakataa. Vivyo hivyo alama ya kuuliza, nyota na mistari ya mlazo. Weka kistari badala yake, na seva itaelewa:

```
Maangamizi - The Ancient One (2001)
```

Kwa tamthilia, seva inahitaji kujua msimu na sehemu. Herufi S hufuatwa na namba ya msimu, na E hufuatwa na namba ya sehemu, kila moja kwa tarakimu mbili. Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, itakaa hivi:

```
Tamthilia/
  Siri ya Mtungi (2012)/
    Season 01/
      Siri ya Mtungi S01E01.mp4
      Siri ya Mtungi S01E02.mp4
```

Neno `Season` liache kwa Kiingereza, maana ndilo seva inalolitafuta.

Filamu ambayo haimo kwenye orodha

Filamu nyingi za Bongo zilizouzwa kwa sidii hazijaingizwa TMDB. Hapo hata jina zuri halitaleta kava, kwa hiyo ulitengeneze mwenyewe. Piga picha ya jalada la sidii kwa simu, ikate ibaki jalada tu likiwa limesimama wima, iite `poster.jpg`, kisha uiweke ndani ya folda ya filamu hiyo. Seva itaitumia. Maelezo unayaandika kwa kugusa vitone vitatu kwenye filamu na kuchagua `Edit metadata`. Andika jina, mwaka na waigizaji, kisha funga kwa kufuli lililopo humo ili seva isije ikayabadilisha siku nyingine.

Harusi na mganda visiingie kwenye folda ya filamu

Video za familia hazimo kwenye orodha yoyote duniani. Ukiziweka kwenye maktaba ya filamu, seva itazitafuta hivyo hivyo, na faili lililoitwa "Harusi" litapewa kava la filamu yoyote yenye jina la kukaribiana. Baada ya hapo mtu anayeitafuta sauti ya babu yake aliyekwisha kufariki hataijua ilipo, na anayefuta filamu ili kupata nafasi kwenye diski anaweza kuifuta akidhani ni ya kigeni.

Tengeneza folda tatu kwenye diski: `Filamu`, `Tamthilia` na `Familia`. Unapoziongeza kwenye Jellyfin utaulizwa aina ya kila maktaba. Filamu ni `Movies`, tamthilia ni `Shows`, na familia ni `Home Videos and Photos`. Aina hii ya mwisho haiulizi mtandaoni. Inachukua picha kutoka ndani ya video yenyewe.

Kwa video za familia anza na tarehe, mwaka ukiwa mbele, kisha tukio na mahali:

```
2019-08-17 Harusi ya shangazi Liuli.mp4
2022-12-26 Mganda Mbamba Bay.mp4
```

Tarehe ikianza na mwaka, video zinajipanga zenyewe tangu ya zamani hadi ya juzi. Kama siku huijui, mwaka peke yake unatosha.

Kuchukua makava bila kumaliza bando

Intaneti inahitajika wakati wa kuchukua makava na maelezo tu. Kwa hiyo yapange majina yote kwanza, ukiwa huna mtandao. Kabla ya kuwasha data, ingia kwenye mipangilio ya maktaba na uwashe `Nfo` chini ya `Metadata savers`, pamoja na `Save artwork into media folders`. Hapo kava na maelezo vitahifadhiwa ndani ya folda ya kila filamu, na siku laptopu ikiharibika, diski yako itaingia kwenye nyingine ikiwa na kila kitu.

Kisha washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, na uiambie Windows kuwa huo ni mtandao wa kulipia kwa kuwasha `Metered connection`. Usipofanya hivyo, Windows inaweza kuanza kupakua masasisho yake na kulila bando lote. Agiza `Scan All Libraries`, subiri makava yaje, halafu zima data. Hotspoti iache. Kwenye simu nyingi hotspoti inaendelea kuunganisha vifaa hata data ikiwa imezimwa, na video inatoka kwenye laptopu moja kwa moja hadi kwenye simu ya mtazamaji. Kwenye simu fungua kivinjari, andika anwani ya laptopu kwenye hotspoti hiyo ikifuatwa na namba 8096, kwa mfano:

```
http://192.168.43.20:8096
```

Kulitambua kosa kwa kulitazama

Kava la filamu nyingine lina maana kwamba jina limepatikana lakini si la filamu yako. Hakiki mwaka, au weka namba ya TMDB. Kutokuwepo kwa kava kabisa kuna maana kwamba jina halikupatikana: tafuta neno la ziada, herufi iliyokosewa, au ujue kuwa filamu haimo kwenye orodha. Na filamu mbili zikionekana kama moja, yaelekea zimewekwa kwenye folda moja na seva imedhani ni nakala mbili za filamu ile ile. Zitenganishe.

Ndani ya Jellyfin kuna pia `Identify`, inayokuwezesha kuchagua filamu sahihi bila kugusa faili. Inafaa kwa haraka, lakini jina bovu linabaki kwenye diski. Siku utakapompa jirani nakala kwenye flashi, seva yake itakosea vilevile. Lirekebishe jina lenyewe, kisha uagize seva isome upya.