Hotuba za Kiarabu: Mfasiri akate wapi, aache wapi?

Mtu akikuahidi msaada "kwa hali na mali", huulizi hali ipi wala mali kiasi gani. Maneno mawili, kina kimoja, ujumbe mmoja. Hotuba za Kiarabu zimejaa miundo kama hii, na anayezitafsiri kwa Kiingereza lazima aamue haraka: lipi libaki, lipi likatwe?

Saji ni nini?

Saji ni nathari yenye vina. Si shairi, maana haina mizani maalumu, ila vipande vyake huishia kwa sauti moja. Mara nyingi huenda pamoja na takriri, yaani kurudia neno au maana. Mwanaisimu Barbara Johnstone, aliyetoa kitabu kizima kuhusu takriri ya Kiarabu mwaka 1991, anaeleza kuwa katika Kiarabu kurudia ni njia ya kushawishi. Kwa Kiingereza, urudiaji uleule unaweza kuonekana porojo.

Pa kukata

Chukua lugha ya kawaida ya matamko baada ya shambulio: "nashjubu wa nudinu wa nastankiru". Ni vitenzi vitatu vya kulaani. Kisha hufuata "al-jarima an-nakraa" na "al-fiila ash-shanaa": uovu uleule, umetajwa mara mbili kwa kina cha "-aa".

Kiingereza kinatosheka na kitenzi kimoja, neno la kukitia nguvu, na jina moja la kitendo. Yaani: "tunalaani vikali uhalifu huu wa kinyama". Kina kinapotea, ukali unabaki.

Hatari iko kwenye kuchagua kitenzi. "Nudinu" ni kulaani waziwazi, "nastankiru" ni chepesi kidogo. Mfasiri akibakiza kile chepesi, serikali iliyolaani itaonekana imelalamika tu. Kwa hiyo hubakizwa kizito. Na msemaji aliyezoea vitatu akitumia kimoja chepesi, huenda amelegeza msimamo makusudi. Hapo mfasiri asimwongezee ukali.

Pa kuacha

Septemba 1, 1967, mkutano wa viongozi wa nchi za Kiarabu mjini Khartoum, Sudan, ulitoa azimio lenye "la" tatu: hakuna suluhu na Israeli, hakuna kuitambua, hakuna mazungumzo nayo.

Ukifupisha kuwa "hakuna uhusiano wowote", sentensi inakuwa nyepesi lakini habari imeharibika. Kila "la" ilifunga mlango wake. Nchi inaweza kuzungumza na nyingine bila kuitambua, au kuitambua bila kumaliza ugomvi. Misri iliposaini mkataba wa amani na Israeli mwaka 1979, ilikuwa imeifungua milango yote mitatu. Msomaji hawezi kuliona hilo kama tafsiri ilimpa mlango mmoja.

Kipimo chenyewe

Futa neno lililorudiwa, kisha soma tena. Kama kilichopungua ni sauti tu, kata. Kama limepotea dai, ahadi au sharti, lirudishe, hata Kiingereza kikiwa kirefu.