Kivuli cha Ukuta na Kivuli cha Mti: Nyua na Viwanja vya Mombasa Bara

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ile iliyoenea Likoni, Kisauni na Changamwe, ukiitazama kutoka njiani huuoni ua wake. Unaona baraza, mlango, na paa la makuti au mabati. Mlango ukiwa wazi, jicho linapita ukumbi mwembamba, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na mwisho wa ukumbi linakutana na mwanga. Hapo ndipo ua ulipo, na hapo ndipo siku nzima ya nyumba inapopita: kupika, kufua, kusuka nywele, kulaza mtoto.

Ua si jambo geni pwani hii. Ng'ambo ya kijito cha Mtwapa, kwenye magofu ya Jumba la Mtwana yaliyochimbuliwa na James Kirkman mwaka 1972, kuta za matumbawe za karne ya 14 na 15 bado zinaonyesha nyua zilizozungukwa na vyumba. Wengi husema haraka kwamba ua ulikuja na Waarabu. Lakini hata kama asili yake ingekuwa huko, hali ya hewa ya hapa ingelikataa umbo la kuiga. Katika nchi kavu ua hujengwa mwembamba na wenye kuta ndefu, kwa sababu usiku ni wa baridi, na hewa ile ya baridi hutua chini ikabaki hadi mchana. Mombasa usiku haupoi kiasi hicho, na hewa ina unyevu. Ukiufunga ua kama kisima, utakachohifadhi ndani yake ni joto na jasho. Ua wa huku lazima ukinge watu na jua lakini upitishe upepo, na mambo hayo mawili yanavutana.

Nilipima ua mmoja Likoni, wa bibi ambaye amekaa nyumba ile tangu aolewe. Mlango wa mbele unatazama mashariki. Ua uko nyuma, upana wake mita 4 kutoka mashariki hadi magharibi, urefu mita 7. Upande wa mashariki ni ukuta wa nyumba yenyewe, ukingo wa paa ukiwa mita 2.4 kutoka chini. Upande wa magharibi ni vyumba vya wapangaji, mita 3.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba. Machi ndio mwezi wa kuujaribu ua, maana joto la kaskazi bado limekaza. Siku hizo jua hufika juu kabisa mnamo saa sita na nusu. Saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri, kila mita moja ya ukuta hutoa kivuli cha karibu mita 1.3. Basi saa tatu ukuta wa nyumba unafunika mita 3 kati ya zile 4, na saa kumi vyumba vya wapangaji vinaufunika ua karibu wote. Katikati ya saa hizo kuta hazina msaada. Saa sita na nusu ukuta hautoi kivuli hata cha kufunika kandambili.

Mchana, basi, ni kazi ya mti. Uani kwa bibi yule kuna mkungu, nao haukupandwa katikati bali karibu na pembe ya kusini. Nilimwuliza sababu.

"Mwanangu, ukiupanda katikati, kivuli kinakwenda jikoni," alisema. "Sisi tunakitaka hapa."

Hesabu inamuunga mkono. Katikati ya Januari jua la mchana liko kusini kwa nyuzi 17 hivi, na kivuli cha matawi yaliyo mita 4 juu husogea kaskazini kwa zaidi kidogo ya mita moja. Mti wa kusini unatia kivuli katikati ya ua katika miezi ile ile ya joto. Mkungu pia hutandaza matawi yake kwa tabaka, kama meza juu ya meza, kwa hiyo upepo hupita chini yake. Taabu yake ni majani mapana yanayodondoka kwa wingi, nayo yasipofagiliwa huziba mfereji wa maji.

Upepo nao una njia yake. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na kusi hutoka kusini-mashariki. Nyumba inayotazama mashariki hupokea zote mbili mlangoni, zikapita ukumbini hadi uani. Nyumba ya jirani imepoteza neema hiyo. Vyumba vya kupangisha vimeongezwa pande mbili, na ua umebaki kama mita moja na nusu. Kivuli kipo siku nzima, lakini nguo zilizoanikwa asubuhi bado zina unyevu wakati wa magharibi, na ukuta una ukungu wa kijani hadi usawa wa goti. Dalili hizo mbili zikionekana pamoja, ua umebanwa kupita kiasi.

Kwa nini basi miti ni michache katika nyua nyingi za bara? Jibu liko kwenye ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliandikisha ardhi ya pwani kwa wenye madai yaliyokubaliwa, na wengine wengi wakabaki na kile ambacho Mombasa hukiita nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja unalipia kodi. Katika mila za pwani mti wa kudumu ni mali, na mali ni dai. Mwenye shamba hapendi kuona mpangaji anapanda mwembe, na mpangaji hapotezi miaka kwa mti atakaouacha. Ndiyo maana kivuli kikubwa kabisa mtaani mara nyingi ni cha mwembe wa shamba la zamani, uliokuwapo kabla ya nyumba.

Mwembe wa namna hiyo ndio unaofanya uwanja. Mahali pana penye nyumba za mita 3.5 pembeni, kama nafasi zilizo kati ya safu za nyumba Changamwe, kuta hutoa saa kumi kivuli cha mita 4.5 tu upande wa magharibi. Baraza za alasiri zinapaswa kujengwa huko, migongo ikiwa ukutani na nyuso zikitazama mashariki. Kwenye uwanja wa mita 30, sehemu yote iliyobaki ni jua. Mwembe mmoja wenye kichwa cha mita 10 unatoa mita za mraba karibu 78 za kukaa mchana.

Hapo ndipo wajenzi hukosea kwa nia njema. Huzungushia shina ukuta wa kukalia, hujaza udongo ndani hadi shina lifukiwe, kisha humwaga saruji pande zote. Mizizi hukosa hewa na maji. Huoni kitu mwaka wa kwanza. Baadaye matawi ya juu huanza kukauka kutoka nchani, na watu husema mti umezeeka. Baraza ya mzunguko ikae umbali wa kutosha kutoka shinani, udongo wa ndani ubaki kwenye usawa wake wa zamani, na nje yake pawe na mchanga au mawe yaliyopangwa bila saruji. Urefu wa kukalia uwe kama sentimita 45. Ukizidi hapo, wazee hawakai, wanaegemea na kuondoka.

Bibi wa Likoni hana benchi. Ana mkeka, na sakafu ya ua wake ina sehemu tatu zilizolainika kuliko nyingine: moja chini ya ukuta wa nyumba, ya pili chini ya mkungu, ya tatu mbele ya vyumba vya wapangaji.