Mtoto aliyekosa: kupatanishwa nje ya tribinali kunamzuia kurudilia kosa?

Kwenye njia ya Kasongo kuelekea Kabambare, kuku ikipotea ao telefone ikikatwa mfukoni siku ya soko, mara nyingi mkono wa kwanza unaokamatwa ni wa kijana. Halafu mabishano yanaanza. Wengine wanasema apelekwe kasho ili ajifunze. Wengine wanasema wazee wakae, wazazi walipe, mambo yaishe. Sheria ya Kongo iko na jibu lake, na si lile la kasho wala si lile la kulipa na kunyamaza. Swali linalobaki ni hili: hiyo njia ya sheria inamfanya kijana asirudilie kosa, ao inamwachilia tu?

Sheria inasema nini

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya kulinda mtoto, ilikuja kuchukua nafasi ya dekreti ya tarehe 6 Desemba 1950 iliyotoka wakati wa ukoloni. Kwa hiyo sheria, kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18 ni mtoto. Ambaye hajafikisha miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia hata kidogo, hata kama kila mtu alimuona akiiba. Huyo anarudishwa kwa wazazi, na mtu wa huduma ya jamii anapaswa kufuata maisha yake.

Kwa wale wa miaka 14 mpaka 17, kesi ni ya tribinali ya watoto. Mahali ambapo hiyo tribinali haijafunguliwa, tribinali ya amani ndiyo inasikiliza, na inapaswa kufuata kanuni za watoto: mlango unafungwa, watu wa kijiji hawaingii kutazama. Jije hatoi kifungo kama kwa mtu mkubwa. Anaweza kumkaripia mtoto na kumrudisha kwa wazazi na amri ya kumchunga vizuri zaidi. Anaweza kumweka kwa mume na mke wenye mwenendo mzuri ao kwa kituo kilichokubaliwa. Kasho ya pamoja na wakubwa si adhabu iliyomo ndani ya sheria hii.

Kuna tena njia nyingine kabla ya kufika huko. Sheria inaita upatanisho, na inaweka komite ya kupatanisha kwa ajili ya watoto waliokosa. Kwa makosa madogo, jije anaweza kutuma dosie kwa hiyo komite badala ya kuendelea na kesi. Komite inawaita mtoto, wazazi wake na yule aliyeumizwa, inatafuta mapatano, inaandika karatasi, na karatasi inarudi kwa jije. Hapo ndipo tofauti na "tumalizane kinyumbani" inaonekana: jije anajua, na kuna maandishi.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 15 aliyeiba mbuzi ya jirani na kuiuza sokoni. Polisi wanamkamata. Kazi yao ya kwanza ni kuuliza umri na kujulisha wazazi pamoja na jije. Kumweka siku tatu ndani huku mzazi akitafuta franga ya kumtoa si kazi ya sheria. Umri wenyewe ni tatizo, sababu watoto wengi hawana karatasi ya kuzaliwa. Kadi ya chanjo, rejista ya kanisa ao ya masomo inaweza kusaidia.

Jije anatuma kwa komite. Swali la kwanza la komite si "utalipa ngapi?" Ni "ulifanya?" Mtoto lazima akubali mwenyewe, bila kupigwa wala kuogopeshwa. Kama anakataa, komite haiwezi kumpatanisha juu ya kosa ambalo halijajulikana ni la nani. Dosie inarudi kwa jije. Komite ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa iliandika vilevile mwaka 2019: kumwondoa mtoto kwa njia ya kesi kunahitaji ushahidi wenye nguvu na mtoto aliyekubali kwa hiari.

Halafu wanakubaliana juu ya malipo. Hapa komite nyingi zinateleza. Baba akilipa mbuzi yote siku hiyohiyo, mwenye mbuzi anaridhika, lakini kijana hajafanya kitu chochote. Mapatano mazuri yanaweka sehemu ya mtoto: aombe msamaha uso kwa uso, na atoe kazi inayojulikana mwisho wake, kwa mfano Jumamosi sita za kulima shamba la jirani, saa tatu kila mara, bila kukosa masomo. Karatasi inaandika nani atahakikisha na tarehe gani ya kurudi mbele ya komite. Mapatano yasiyo na tarehe ya kurudi hayana namna ya kujua kama yalitimizwa.

Majirani wa Uganda walienda mbali zaidi. Sheria yao ya watoto inaruhusu polisi kumpa mtoto onyo na kumwachilia bila kesi, na inapatia baraza la kijiji nguvu ya kusikiliza makosa kama wizi, kupigana ao kuharibu mali ya mtu. Baraza linaweza kuamua msamaha, malipo, onyo, ao kumweka mtoto chini ya mwangalizi kwa miezi isiyopita sita. Haliwezi kumfunga.

Upatanisho una mpaka wake. Ubakaji si jambo la kupatanisha wala la kulipa mbuzi. Tangu sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya kingono, faini ya kumaliza kesi kwa polisi haikubaliwi tena kwa makosa hayo, hata kama jamaa mbili zimeelewana.

Inapunguza kurudilia?

Mwaka 2010 watafiti wa Shirika la Campbell walikusanya majaribio 29 yenye watoto 7,304, karibu yote ya Amerika. Katika majaribio hayo, watoto waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine waliendelea na kesi ya kawaida, wengine waliondolewa kwenye kesi. Kesi haikupunguza kurudilia kosa. Kwa ujumla, waliopitishwa kwenye kesi walionekana kurudilia kidogo zaidi. Na kati ya wale walioondolewa, waliopewa pia msaada wa kufuatiliwa walifanya vizuri kuliko walioachiliwa tu.

Mwaka 2018 wengine walitazama maonyo na programu zinazoanzishwa na polisi. Kama nusu ya watoto waliopitia kesi wangerudilia, basi kwa walioondolewa ingekuwa karibu 44 kwa mia. Ni watoto 6 kwa kila 100. Si muujiza, lakini si bure, na gharama yake ni ndogo kuliko kesi.

Sababu yake si siri. Vijana wengi wanaofanya kosa moja dogo wanaacha wenyewe wakikomaa. Kumtia mmoja wao ndani pamoja na wezi wa kweli kunampa marafiki wapya, kunamtoa masomoni, na kunamwachia jina la mwizi ambalo kijiji hakisahau.

Lakini hizo ni nchi zenye polisi wa kompyuta. Huku kwetu, kujua kama komite inafanya kazi kunategemea rejista, na hapo kuna mitego.

Mtego wa kulinganisha visivyo sawa

Tuseme, kwa mfano wa kuhesabu tu, komite ya sekta fulani ilipokea watoto 40 kwa mwaka, na ndani ya miezi 12 iliyofuata 6 walikamatwa tena. Ni 15 kwa mia. Tribinali ilisikiliza watoto 20, na 8 wakarudi. Ni 40 kwa mia. Mtu atasema mbele ya mikro: "Upatanisho umepunguza wizi zaidi ya nusu!"

Sasa tufungue rejista. Kati ya 40 wa komite, 34 lilikuwa kosa lao la kwanza, na 4 kati yao walirudi: karibu 12 kwa mia. Wale 6 waliokuwa wamekosa mbele, 2 walirudi: 33 kwa mia. Kwa tribinali, 5 tu walikuwa wa mara ya kwanza, na 1 akarudi: 20 kwa mia. Waliobaki 15 walikuwa wamekosa mbele, na 7 walirudi: karibu 47 kwa mia.

Ukilinganisha wa kwanza na wa kwanza, wa kurudi na wa kurudi, tofauti ya 25 inashuka kuwa karibu 8 kwa upande mmoja na karibu 13 kwa upande mwingine. Tena kwa kundi la watoto 5, mtoto mmoja peke yake ni 20 kwa mia. Kwa hiyo mfano wetu hauthibitishi kwamba komite imeshinda. Sehemu kubwa ya ushindi ilitoka kwa sababu komite ilitumiwa watoto wepesi.

Kuna mtego wa pili. "Hajakamatwa tena" si sawa na "hajaiba tena". Kijana aliyehamia machimbo ya zahabu ya Salamabila hataonekana kwenye rejista ya Wamaza, na atahesabiwa kama aliyepona. Mtego wa tatu ni komite kuanza kuita watoto ambao zamani mwalimu ao mama angewaonya tu: aliyekula embe ya jirani, aliyetukana mzee. Hao hawangerudilia hata bila komite. Hesabu inapendeza, lakini watoto wengi zaidi wameingia kwenye maandishi ya makosa.

Rejista inayotosha

Haihitaji kompyuta. Daftari yenye mistari saba inatosha: umri, kosa, kama ni mara ya kwanza, nani alimtuma, mapatano yenyewe, tarehe yalipotimizwa, na hali yake baada ya miezi 12. Mstari wa mwisho ndio unaoachwa wazi mara nyingi. Kuujaza kunahitaji mtu aende kuuliza kwa wazazi, kwa chefu na kwa polisi, na kuandika "amehama" pale mtoto hayupo, si "mzuri". Jina la mtoto libaki kwenye daftari lililofungwa. Kwenye hesabu ya kusomewa watu, namba inatosha.

Mkaaji naye anaweza kupima bila daftari. Komite ikikutana, asikilize mambo matatu: kama mtoto mwenyewe alisema neno, kama aliyeibiwa alikuwepo, na kama tarehe ya kurudi ilitajwa. Kama yote yaliishia kwa franga iliyopita mkono hadi mkono, hapo hakukuwa na upatanisho. Kulikuwa na malipo, na kijana alijifunza tu bei ya mbuzi.