Baba akiiba kondoo, mwana afanye nini?

Konfusio, mwalimu wa China aliyeishi miaka 551 hadi 479 kabla ya Kristo, aliwahi kuelezwa habari za kijana aliyesifiwa kwa unyofu. Baba yake aliiba kondoo, naye akamtolea ushahidi.

Konfusio hakukubali. Kwake, unyofu ni baba na mwana kusitiriana, kwa sababu utu, unaoitwa *ren*, huanzia kwa wazazi ndipo uwafikie wengine. Mwana hanyamazi tu: humwonya mzazi, ila kwa upole na heshima inayotakiwa na *li*, yaani taratibu za adabu.

Fikra za Magharibi kuhusu haki za mtu binafsi huanza na mwenye kondoo. Haki yake haipungui kwa kuwa mwizi ni baba wa mtu.

Hata hivyo, kusitiri kulikuwa na mpaka. Sheria za enzi ya Tang ziliruhusu ndugu kufichiana makosa, lakini si uhaini. Nazo sheria za Magharibi hazikuusahau ukoo: Ujerumani, kwa mfano, mtoto wa mshtakiwa anaweza kukataa kutoa ushahidi dhidi ya mzazi wake.