Nukta iliyotoka nyuma ya karatasi

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, mwenyeji wa Likoni, aliniletea fotokopi ya shairi la kale lililoandikwa kwa hati za Kiarabu. Karatasi ya asili ilikuwa nyembamba, imeandikwa pande zote mbili, na maandishi ya nyuma yalikuwa yamejitokeza mbele. Alikuwa amefurahi sana. Katika mshororo mmoja alisoma neno 'tini', yaani 'chini' kwa Kimvita, akaona amepata ushahidi wa lahaja ya mtunzi.

Nilimwomba asubiri kidogo. Mwanzoni mwa neno, herufi nuni na te zina umbo moja: kijino kidogo tu. Nuni ina nukta moja juu, te ina mbili. Basi nukta moja ikipenya kutoka nyuma, 'nini' inageuka kuwa 'tini'. Mizani haisaidii hapa, kwani maneno yote mawili yana silabi mbili. Kina nacho hakisaidii, kwani yote yanaishia kwa 'ni'. Aidha, mshororo wenyewe ulileta maana kwa vyovyote vile.

Herufi iliyotoka nyuma kwa kawaida hujifichua yenyewe, kwa sababu huonekana imegeuzwa kama kwenye kioo. Mkia unaopaswa kuelekea kushoto huelekea kulia. Nukta haina ushahidi huo, maana nukta iliyogeuzwa ni nukta ile ile. Kwenye maandishi yenyewe, rangi iliyofifia ingetuonya. Lakini fotokopi hii ilikuwa imekolezwa mno, na mashine ilikuwa imefanya kila alama kuwa nyeusi tii.

Kilichotuokoa ni kwamba upande wa nyuma pia ulikuwa umenakiliwa, na karatasi ilikuwa imetobolewa na wadudu. Tundu la mdudu hupita pande zote mbili, kwa hiyo ndilo alama ya kuaminika kuliko kingo, ambazo mashine mara nyingi huzikata. Tulipima umbali kati ya matundu mawili. Mbele ulikuwa milimita 120, nyuma 114. Kumbe nakala ya nyuma ilikuwa imepunguzwa hadi asilimia 95! Nukta tuliyoishuku ilikuwa milimita 40 kulia mwa tundu la juu, na 60 chini yake. Nyuma, tuliitafuta milimita 38 kushoto mwa tundu lile lile, na 57 chini yake. Hapo palikuwa na nukta ya herufi be.

Hata hivyo, nukta mbili kukutana si ithibati kamili, kwani mwandishi angeweza kwa bahati kutia wino mahali pamoja pande zote. Tulikagua majirani. Kijino cha ile be kilionekana mbele pia, kimegeuzwa, juu kidogo ya nukta yake. Nukta iliyoandamana na herufi yake kutoka nyuma ni ya nyuma. Tukasoma 'nini', na ushahidi wa Kimvita ukayeyuka. Mahali pengine alama za pande mbili zilipandana kabisa. Hapo hatukukisia, bali tuliweka mabano kuonyesha shaka.

Asiye na nakala ya nyuma ana njia moja tu, kuirudia karatasi ya asili. Chanzo cha tatizo ni mwanga. Mwanga wa mashine hupenya karatasi, hugonga kifuniko cheupe na kurudi, na wino wa nyuma huuzuia na kuacha kivuli. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa kabla ya kunakili. Mwanga haurudi tena, na ukurasa wote huwa na ukijivu ulio sawa. Lakini wino ulioila karatasi hadi upande wa pili hauondoki kwa njia hiyo.

Suala hili linatuhusu sana sisi wa Mombasa. Mchungaji William Taylor, aliyefika pwani mnamo 1880 na kutumikia misheni ya Frere Town kule Kisauni, alikusanya tungo za Muyaka bin Haji akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Nyaraka zake ziko London, katika chuo cha SOAS, na wengi wetu hufanya kazi kwa nakala. Taylor aliposhuku neno, aliweza kumgeukia Mwalimu Sikujua na kumwuliza. Sisi tuna karatasi tu, tena mara nyingi kivuli chake. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba mshairi alisema 'tini', tugeuze kwanza ukurasa.