Sembe na dona: protini, nyuzinyuzi na kabohaidreti katika sahani moja ya ugali

Sembe ni unga wa mahindi yaliyokobolewa kabla ya kusagwa; dona ni unga wa mahindi yaliyosagwa pamoja na ganda na kiini chake. Nchini Kenya unga wa aina ya kwanza huuzwa madukani katika pakiti, na wa pili hupatikana zaidi kwenye vinu vya posho vya mitaani. Ugali husongwa kwa unga wowote kati ya aina hizo mbili. Tofauti yao katika sahani moja ni kubwa kwa upande wa nyuzinyuzi, ndogo kwa protini, na ndogo zaidi kwa kabohaidreti.

Punje na ukoboaji

Punje ya mahindi ina sehemu kuu tatu. Sehemu nyeupe ya ndani, ambayo ni ghala la wanga, huchukua zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa punje. Kiini, yaani sehemu inayoota, huchukua asilimia 11 hivi. Kina mafuta mengi, na protini yake ni bora kuliko ya sehemu nyeupe. Ganda huchukua asilimia 5 au 6, na karibu lote ni nyuzinyuzi.

Mashineni, mahindi ya sembe hulowanishwa kidogo ili ganda lilegee, kisha hupitishwa kwenye mashine ya kukoboa. Ganda hubanduka, kiini kingi hung'oka, na vyote viwili hutoka kama pumba. Punje iliyobaki ndiyo inayosagwa. Wateja wanaotaka unga mweupe sana huomba mahindi yakobolewe mara mbili, na kila duru huondoa ganda na kiini zaidi. Kwa hiyo sembe haina muundo mmoja: sembe ya mkoboo mmoja iko karibu na dona kuliko ile iliyokobolewa sana.

Kipimo cha sahani moja

Ulinganisho wa haki huanza na unga mkavu, kwa sababu maji hubadilika kulingana na mpishi. Gramu 100 za unga hutoa takribani gramu 300 za ugali wa kawaida, na hicho ndicho kipimo cha sahani moja kinachotumika hapa. Ugali laini una maji mengi zaidi, hivyo kila tonge lake lina virutubisho vichache, hata kama unga ni uleule. Kosa la kawaida ni kulinganisha gramu 100 za unga wa aina moja na gramu 100 za ugali uliopikwa wa aina nyingine. Ugali huonekana kuwa na theluthi moja tu ya virutubisho, ilhali kilichoongezeka ni maji.

Viwango vya wastani kwa sahani moja ni hivi:

| Kirutubisho | Sembe | Dona |
|---|---|---|
| Protini | gramu 7 | gramu 8 |
| Nyuzinyuzi | gramu 4 | gramu 7 |
| Kabohaidreti zote | gramu 79 | gramu 77 |
| Kabohaidreti zinazomeng'enywa | gramu 75 | gramu 70 |

Kabohaidreti

Katika majedwali mengi ya vyakula, kabohaidreti hupatikana kwa kutoa: uzito wa maji, protini, mafuta na majivu huondolewa, na kinachobaki huitwa kabohaidreti. Nyuzinyuzi zimo ndani ya hesabu hiyo. Ndiyo maana mistari miwili ya mwisho ya jedwali hutofautiana. Nyuzinyuzi zikitolewa, sembe hubaki na gramu 75 za wanga unaoweza kugeuka sukari mwilini, na dona gramu 70.

Pengo hilo la gramu 5 ni dogo kuliko mabadiliko yanayoletwa na ukubwa wa tonge. Mtu anayedhibiti sukari ya damu hapati ruhusa ya kuongeza ugali kwa sababu tu ni wa dona. Dona iliyosagwa laini ina wanga mwingi uliokwisha kuvunjwavunjwa, na tumbo huumeng'enya kwa urahisi. Anayeongeza sahani yake kwa sehemu moja ya kumi tu hula gramu 7 zaidi za wanga, na faida yote ya kuacha sembe hupotea.

Protini

Dona huongeza takribani gramu 1 ya protini kwa sahani. Kiasi hicho hupatikana pia katika kijiko kimoja cha maharage yaliyopikwa. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni ubora. Protini kuu ya sehemu nyeupe ya punje ina upungufu wa lisini na triptofani, asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Protini ya mahindi kwa jumla ina gramu 3 hivi za lisini katika kila gramu 100, ilhali kipimo kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni gramu 4.5. Protini ya kiini ina lisini nyingi kuliko hiyo, kwa hiyo ukoboaji huondoa sehemu bora kuliko inayobaki.

Hata hivyo, dona nayo haifikii kipimo. Ugali wa aina yoyote huhitaji mboga yenye lisini ya kutosha: maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, maziwa au nyama. Jamii ya kunde ina lisini nyingi na upungufu wa asidi amino zenye salfa, ambazo mahindi yanazo kwa kiasi kizuri zaidi. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la kingine.

Nyuzinyuzi

Hapa ndipo dona huishinda sembe waziwazi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Sahani ya dona hutoa zaidi ya robo ya kiasi hicho. Ya sembe hutoa takribani sehemu moja ya sita, na sembe iliyokobolewa sana hutoa chini ya hapo. Nyingi za nyuzinyuzi za mahindi haziyeyuki katika maji. Hushika maji tumboni, hukipa choo ujazo na kukifanya kipite bila shida.

Faida hii hupotea jikoni iwapo dona itachekechwa. Makapi yanayobaki juu ya chekecheo ni ganda lenyewe, na yakitupwa, unga uliobaki huwa umekaribia sembe kwa nyuzinyuzi, ingawa bado una sehemu ya kiini. Dona kamili hutambulika kwa rangi ya maziwa yenye vidoa vya ganda, na kwa makapi yanayobaki ukichekecha kiganja kimoja. Mafuta ya kiini huifanya iharibike mapema; harufu kali na ladha chungu ni dalili kwamba imekaa mno.

Kutoka sahani hadi gunia

Tofauti ya gramu 1 ya protini hubadilika sura hesabu ikianzia kwenye gunia. Tuseme gunia la kilo 100 limetoa kilo 97 za dona, au kilo 70 za sembe na pumba za kilo karibu 30. Dona hiyo hutosha sahani 970 zenye protini ya kilo 7.8 hivi. Sembe hutosha sahani 700 zenye protini ya kilo 4.9. Takribani kilo 3 za protini huenda na pumba, ambazo huuzwa kuwa chakula cha kuku na nguruwe. Kwa mlaji anayenunua unga kwa kilo, upungufu huo hauonekani. Kwa kaya inayokula mahindi ya shamba lake, ni zaidi ya theluthi moja ya protini iliyovunwa.